Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kumpa jina maskoti wa kampuni na kulikagua lisibebe maana mbaya

Maskoti ni mhusika, mara nyingi mnyama wa kuchorwa, anayeiwakilisha kampuni au bidhaa yake. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya kampuni zinazouza bidhaa zake katika miji ya Tanzania na Kenya, na pengine zinatazama Uganda, Burundi au mashariki ya Kongo. Katika sehemu kadhaa tunafuata mfano mmoja wa kubuni: kiwanda cha maziwa cha mkoani Kilimanjaro kinachotaka kumpa jina ndama aliyechorwa kwenye vikombe vya mtindi vinavyouzwa Moshi, Arusha, Tanga, Mombasa na Nairobi. Baadhi ya maneno yanayotajwa humu ni ya matusi. Tumeyaandika wazi kwa sababu anayekagua jina hawezi kuikagua hatari ambayo ameona haya kuitaja.

Kwa nini tusimwite maskoti kwa jina la mnyama mwenyewe, kama Simba, Twiga au Ndama?

Kwa sababu jina hilo lina watu wengi tayari. Nchini Tanzania, neno Simba likitajwa bila maelezo humpeleka msikilizaji kwenye klabu ya Msimbazi, na shabiki wa Yanga hatafurahi kuliona kwenye kikombe cha mtoto wake. Simba ni jina la saruji pia, Twiga vivyo hivyo, na Tembo vivyo hivyo, kiasi kwamba mtu anaweza kujenga nyumba nzima kwa wanyama wa porini. Jina la namna hiyo linakumbukwa kwa urahisi, lakini anayekumbukwa ni mwingine.

Ndama lina tatizo jingine. Kwa bidhaa ya maziwa neno hilo liko karibu mno na bidhaa yenyewe, na ofisi zinazosajili alama za biashara kwa kawaida hukataa kumpa mtu mmoja haki ya neno ambalo wauzaji wote wa bidhaa ileile wanalihitaji ili kuieleza. Linaweza kutumika kama mbegu ya kubunia jina jipya, ila lisisimame peke yake.

Je, jina la mtu linafaa?

Linafaa mara chache kuliko watu wanavyodhani. Jina la mtu katika eneo letu hubeba dini, kabila na mara nyingi kizazi. Ukimwita ndama wako Juma, Wanjiku au Massawe, umeshasema anatoka wapi na anaswali wapi, na sehemu ya wateja itajiona imeachwa nje au, vibaya zaidi, imefananishwa na mnyama. Wanjiku, kwa mfano, ni jina ambalo siasa za Kenya zimelifanya kuwa alama ya mwananchi wa kawaida, kwa hiyo anayelitumia kuuzia mtindi hawezi kuchukua jina na kuiacha siasa. Majina ya mitume yaepukwe kabisa kwa mhusika mwenye umbo la mnyama.

Ni nini kinachofanya jina likumbukwe na watu wanaozungumza Kiswahili?

Kwanza ni umbo la silabi. Kiswahili hupenda silabi zinazoishia kwa irabu, na mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Jina lenye silabi mbili hadi nne, linaloishia kwa irabu na linalopokea mkazo huo bila kulazimishwa, mtoto wa darasa la kwanza atalishika akilisikia mara moja redioni. Jina lenye konsonanti zilizorundikana halitaachwa lilivyo. Watu wataliongezea irabu wanavyoona wao, na baada ya mwezi mmoja kampuni itakuwa na majina matatu ya mhusika mmoja.

Pili, jina lisitegemee tofauti ya sauti ambazo wazungumzaji wengi hawazitofautishi. Jozi ya kwanza ya kutiliwa shaka ni *l* na *r*. Katika maeneo mengi ya bara, kutegemea lugha ya kwanza ya msemaji, sauti moja humeza nyingine, kwa hiyo jina kama Rukaruka, ambalo linaonekana kumfaa sana ndama mchangamfu, litaitwa Lukaluka kwa watu wengi na litaandikwa hivyo mitandaoni. Sauti *dh*, *th* na *gh* nazo hugeuka kuwa *z*, *s* na *g* katika vinywa vingi. Wakati mwingine jina hugeuka na kuwa jina lingine la kawaida tu, lakini wakati mwingine hugeuka na kuwa neno baya, na ndiyo maana kila jina likaguliwe katika matamshi yake yote yanayotarajiwa, likiwemo lile ambalo mwalimu wa Kiswahili angelisahihisha.

Tatu, jina liwe na kipande kinachotambulika. Zakumi, yule chui wa Kombe la Dunia la 2010 nchini Afrika Kusini, aliundwa kwa herufi ZA zinazotumika kama kifupi cha nchi hiyo, na neno *kumi* ambalo ni namba ya mwaka wenyewe na linaeleweka katika lugha nyingi za Kibantu. Msikilizaji wa Dar es Salaam hakuhitaji kuelezwa. Miaka minne baadaye Brazili iliunganisha maneno mawili ya Kireno, la kandanda na la ikolojia, ikapata Fuleco kwa ajili ya armadilo wake, mnyama wa Amerika anayefanana na kakakuona. Nje ya Brazili jina hilo halikuwa na pa kushikika, ingawa lilitamkika bila shida.

Maana isiyotakiwa hutoka wapi? Si tuangalie kamusi tu?

Kamusi ni mwanzo. Zipo njia nne ambazo maana mbaya huingia, na kamusi huiziba mojawapo tu.

Njia ya kwanza ni neno lenyewe kuwamo kamusini bila anayebuni kulijua au kulikumbuka. Wabunifu hupenda majina ya kurudiarudia silabi kwa sababu watoto huyapenda, na katika Kiswahili eneo hilo limejaa mitego. Zuzu ni mtu mjinga asiyejua mambo. Bubu ni asiyeweza kusema. Titi ni ziwa la mwanamke, jambo ambalo mtengeneza mtindi anaweza kudhani ni utani mzuri hadi atakapoliona limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya gari la kusambazia bidhaa.

Njia ya pili ni neno salama la kamusi ambalo mtaa umeshalibadilisha. Boya ni kile chombo kinachoelea baharini kuonyesha njia au nyavu, na kampuni ya samaki ingeweza kuliona kuwa jina zuri la mhusika wake, lakini kwa vijana wa Dar es Salaam boya ni mtu asiye na maana yoyote. Shoga ni mfano mzito zaidi. Kwa wanawake wa pwani ni neno la upendo la kumwita rafiki wa kike, na bado linatumika hivyo, huku bara na kwa vijana wengi likiwa limekuwa jina la kumdhalilisha mwanamume. Neno moja, nchi moja, na wasikilizaji wawili wanaosikia vitu viwili visivyohusiana.

Njia ya tatu ni lugha jirani. Tamasha la muziki la Nyege Nyege, lililoanza mwaka 2015 huko Jinja, Uganda, lilichukua jina lake kutoka kwenye usemi wa Kiganda unaohusu hamu ya ghafla ya kucheza ngoma. Kwa anayezungumza Kiswahili, nyege ni ashiki. Mwaka 2022 Bunge la Uganda lilitaka tamasha hilo lisitishwe kwa hoja za maadili, kisha serikali ikaliruhusu kwa masharti. Jina halikuwa hoja pekee katika mzozo ule, lakini halikuwasaidia waandaaji. Tunautaja mfano huu kwa sababu tamasha linalotafuta vijana wanaopenda kukesha linaweza hata kunufaika na jina lenye utata, ilhali kikombe cha mtindi cha mtoto hakinufaiki kamwe.

Njia ya nne ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo ni jina linapokatwa au kuunganishwa. Tumeipa jibu lake hapa chini.

Jina linawezaje kuwa safi likiwa zima na kuwa baya likikatwa?

Mfano bora ni Kumamon, dubu mweusi mwenye mashavu mekundu wa mkoa wa Kumamoto nchini Japani. Alizaliwa mwaka 2010 wakati mkoa ulipokuwa ukijiandaa kwa kukamilika kwa reli ya treni ya mwendo kasi ya Kyushu mwaka uliofuata, na amekuwa mmoja wa wahusika wanaopendwa kuliko wote katika nchi ambayo karibu kila mji una wa kwake. Kwa Kijapani *kuma* ni dubu, na jina lake linafuata pia jina la mkoa. Halina dosari nyumbani. Kwa msomaji wa Kiswahili, silabi mbili za kwanza ni tusi zito linalotaja sehemu za siri za mwanamke.

Sasa mtu anaweza kusema kwamba silabi hizo zimo katika maneno tunayoyasema kutwa bila aibu: *sukuma*, *kumaliza*, *kumaanisha*. Ni kweli, na mkaguzi anayekataa kila jina lenye mfuatano huo wa herufi atakuwa anajisumbua bure. Kinacholinda maneno hayo ni kwamba msikilizaji anayafahamu yakiwa mazima, na, isipokuwa katika *sukuma*, mkazo hauangukii pale ambapo tusi lingeuweka. Katika *kumaliza* mkazo uko kwenye *li*. Silabi *ku* inapita haraka kama kiambishi tu. Jina jipya halina ulinzi huo. Hakuna aliyelizoea, kwa hiyo sikio hulikata mahali ambapo linatambua kitu, na watoto hulifupisha kwa kuchukua silabi mbili za mwanzo au mbili za mwisho na kuzipa mkazo. Kwa hiyo kila jina linalopendekezwa likatwe kwa makusudi: silabi mbili za mwanzo peke yake, mbili za mwisho peke yake, kisha vipande hivyo virudiwe mara mbili kwa sauti kama mtoto anavyoita uani.

Kuunganisha nako kuna madhara yake. Majina ya akaunti, anwani za tovuti na alama za reli mitandaoni huondoa nafasi kati ya maneno. Maneno mawili ya heshima kabisa, *siku maalum*, yakiandikwa `#sikumaalum` huonyesha katikati kile ambacho hakuna aliyekikusudia, na vichujio vya matusi vya mitandao, ambavyo husoma herufi bila kujua Kiswahili, vinaweza kuizuia alama hiyo. Andika jina la mhusika likiwa limeungana na jina la kampuni, mbele na nyuma, kwa herufi ndogo zote, na uwape watu wawili ambao hawakulibuni walisome kwa sauti.

Je, tujali lugha za mbali ambako hatuuzi?

Kwa kiasi. Mavi ni kampuni ya nguo za jinzi iliyoanzishwa Istanbul mwaka 1991, na kwa Kituruki jina lake ni rangi ya buluu. Haikuwa na sababu ya kuwauliza watu wa Tanga, na haijafa kwa kutowauliza. Vivyo hivyo kiwanda cha Moshi hakihitaji kuchunguza Kifini. Mipaka ya ukaguzi ifuate mipaka ya soko la leo na la miaka michache ijayo, ikiongezewa lugha mbili au tatu zinazosomwa na wengi.

Kwetu hizo za nyongeza ni Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Kifaransa husahaulika sana upande wa Tanzania na Kenya, wakati bidhaa ikivuka kwenda Bujumbura au Goma inakutana na watu waliosoma kwa lugha hiyo. Pipi, jina ambalo mtu wa Arusha angeliona tamu kwa maana zote, kwa Kifaransa ni mkojo katika lugha ya watoto. Kaka nalo, likitamkwa, ni kinyesi katika lugha ya watoto hao hao.

Tahadhari moja: mafunzo mengi ya biashara hurudia kisa cha gari la Chevrolet Nova lililodaiwa kutouzika katika nchi zinazozungumza Kihispania kwa sababu jina lake lingesomeka kama "haliendi". Kisa hicho ni cha kutungwa. Gari hilo liliuzwa vizuri Meksiko na Venezuela. Wasemaji wa lugha hawalikati neno la kawaida wanalolifahamu ili kutafuta maana mbaya, kama sisi tusivyoikata *kumaliza*. Kisa cha kweli ni cha Mitsubishi Pajero, ambalo kwa Kihispania cha mitaani ni tusi zima kama lilivyo, na huko gari hilo liliuzwa kwa jina la Montero.

Tuwaulize watu gani, na tuwaulize vipi?

Hili ndilo eneo ambalo kazi nzuri huharibika, kwa sababu ya adabu. Ukimweka bibi wa Pangani mbele ya vijana watatu wa masoko wenye fulana za kampuni na kumuuliza kama jina fulani lina maana mbaya, atasema ni zuri. Hawezi kulitamka tusi mbele yenu, na pia hataki kuwavunja moyo. Majibu ya namna hiyo yakijazwa kwenye fomu yanaonekana kuwa ni idhini.

Njia inayofaa zaidi ni kutouliza kuhusu ubaya hata kidogo. Msikilizishe mtu jina kwa sauti, bila kumwonyesha maandishi wala picha, kisha umwombe aliandike. Utaona hapo hapo jinsi litakavyoandikwa na umma. Halafu muulize linamkumbusha nini, na mtu mwenye jina hilo angekuwa wa aina gani. Tazama uso kuliko kusikiliza maneno: kicheko kilichobanwa, macho yanayotafuta ya jirani, au swali la "mmelitoa wapi hili?" ni ishara ya kusimama. Baada ya hapo mtu mmoja, wa jinsia yake na wa umri ulio karibu na wake, amuulize faraghani: "Kuna mtu angeweza kulicheka jina hili? Angelicheka kwa nini?" Kumzungumzia mtu wa tatu humwondolea msemaji mzigo wa kulitaja tusi kama lake.

Kuhusu idadi, watu 8 hadi 10 katika kila mji wa soko wanatosha kwa ukaguzi wa maana, mradi wawe wa aina mbalimbali. Makondakta wa daladala na matatu na madereva wa bodaboda wanajua maneno ambayo wiki hii yamebadilika. Wanafunzi wa sekondari wanajua yatakayobadilika wiki ijayo, na kwa Nairobi hao ndio walimu wako wa Sheng. Wazee wa pwani wanajua maneno ya kale ambayo kamusi imeyaandika kwa ufupi au kuyaacha. Kwa lugha za jamii, kiwanda chetu cha Kilimanjaro kingehitaji angalau wasemaji wawili wa kila moja kati ya Kichaga, Kipare, Kimaasai, Kisambaa, Kigiriama, Kikamba na Kikikuyu, na kwa Kichaga msemaji wa Machame asichukuliwe kuwa amemsemea wa Rombo.

Kupima kumbukumbu ni kazi nyingine na ifanywe siku nyingine. Mpigie simu mtu yuleyule kesho yake, umuulize kama anakumbuka majina aliyoyasikia, bila kumtajia hata moja. Jina ambalo watu wengi wanalirudisha bila kusaidiwa, na kwa matamshi yaleyale, ndilo lenye nguvu. Lile ambalo kila mtu alilisifia jana na hakuna anayelikumbuka leo, liachwe bila huruma.

Tunaomba mfano kamili wa jina moja tangu linapobuniwa hadi linapopita.

Turudi kwa ndama wetu. Tuseme orodha ya mwanzo ilikuwa na majina matano: Zuzu, Titi, Pipi, Rukaruka na Ndamiko. Mawili ya kwanza yanakufa kwenye kamusi. Pipi linakufa kwenye Kifaransa, na hata kama lisingekufa huko lingemdanganya mnunuzi kuhusu kilichomo kikombeni. Rukaruka linabaki hadi kwenye jaribio la kuandikwa, ambapo linarudi kwa maumbo mawili. Tena wapo watakaolisikia kama Rukia, jina la binti wa watu. Halina aibu, lakini halitatulia.

Ndamiko limechukua mwanzo wake kwenye *ndama*, na silabi mbili za mwisho zimechaguliwa kwa ajili ya mlio tu. Lina silabi tatu, linaishia kwa irabu, mkazo unakaa kwenye *mi*, halina *l* wala *r*, na anayelisikia huliandika kwa namna moja. Sasa likatwe. Kipande cha mwisho, ambacho ndicho watoto watakachokitumia kwa kuwa kimebeba mkazo, ni *Miko*. Miko ni wingi wa *mwiko*, na mwiko una maana mbili: kile chombo cha mbao cha kusongea ugali, na jambo lililokatazwa na jamii. Maana ya kwanza ni ya jikoni na haina neno. Ya pili haitukani mtu, ila inamtaka mwandishi wa matangazo awe macho, kwa sababu kibwagizo kama "Vunja njaa na Miko" kitamfanya msikilizaji asikie *kuvunja miko*, na mzazi hapendi bidhaa inayomfundisha mtoto jambo hilo.

Kisha likatafutwe kwenye kanzidata ya bure ya chapa ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, katika anwani ya `branddb.wipo.int`, likiwa zima na likiwa limekatwa. Hapo ndipo inapojulikana kwamba Miko ni chapa ya aiskrimu nchini Ufaransa, yaani bidhaa ya ukoo uleule wa maziwa. Uamuzi unaofaa, kwa maoni yetu, ni kulikubali Ndamiko kama jina rasmi, kuwaacha watoto wamwite wanavyotaka, lakini kampuni yenyewe isichapishe kamwe kile kifupi kwenye kifungashio. Na bado jina lisipite hadi wasemaji wa zile lugha saba wamelisikia.

Je, tuwaachie wateja walipigie kura?

Kura ni nzuri kwa kulitangaza jina, na ni mbaya kwa kulibuni. Mwaka 2016 baraza la utafiti wa mazingira la Uingereza liliwaalika wananchi wapendekeze jina la meli mpya ya kuchunguza bahari za ncha za dunia, na lililoongoza kwa kura lilikuwa Boaty McBoatface, mzaha mtupu. Meli ikapewa jina la Sir David Attenborough, na mzaha ukahamishiwa kwenye chombo kidogo cha chini ya maji kinachobebwa nayo. Walitoka kwa heshima, lakini kiwanda kidogo hakina chombo cha pili cha kumpa jina lililokataliwa.

Kama kura inatakiwa, wapewe wateja majina matatu ambayo yote yamemaliza ukaguzi na yote mnaweza kuishi nayo.

Usajili ufanyike wapi, na unalinda nini?

Jina la mhusika husajiliwa kama alama ya biashara, na kila nchi ina daftari lake. Tanzania Bara ni BRELA. Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na usajili wa Bara haufiki huko, jambo ambalo kampuni nyingi hulijua zikiwa zimeshachelewa. Kenya ni KIPI, na Uganda ni URSB. Bara, usajili wa kwanza hudumu miaka 7 na kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo.

Maombi hupangwa kwa madaraja ya bidhaa. Maziwa na mtindi viko daraja la 29, lakini mhusika anayependwa hatakaa kwenye kikombe tu. Mkitarajia kutoa mwanasesere wa Ndamiko, ombeni na daraja la 28 la vitu vya kuchezea. Mkitarajia fulana, daraja la 25. Mchoro wenyewe una hakimiliki kwa kuwa ni kazi ya sanaa, kwa hiyo mkataba na mchoraji useme kwa maandishi kwamba haki hizo zimehamishiwa kampuni. Jina peke yake halilindwi na hakimiliki.

Maana mbaya ikigundulika baada ya uzinduzi, tufanye nini?

Kwanza pimeni inatoka kwa nani. Utani wa siku mbili mitandaoni unaotokana na jina kufanana na neno fulani huisha wenyewe, na kampuni inayoujibu kwa tamko refu huwafahamisha hata wale ambao hawakuwa wamesikia. Hali ni tofauti pale wenye maduka wanapoona aibu kuitaja bidhaa kwa jina lake, au wateja wanapoanza kuiagiza kwa kuonyesha kidole. Wauzaji wa rejareja watawaambia hilo mapema kuliko utafiti wowote, mkiwauliza.

Likifika hapo, badilisheni jina na mbakize umbo. Watu hukumbuka uso wa mhusika kuliko wanavyofikiriwa, na ndama yuleyule akiwa na jina jipya hupokelewa. Vifungashio vyenye jina la zamani viuzwe hadi viishe katika miji ambayo haina tatizo nalo, na kule penye tatizo viondolewe rafuni siku hiyo hiyo.

Jina likishapita, liandikwe vipi katika matangazo?

Liandikiwe mwongozo wa ukurasa mmoja na ugawiwe kwa wachapaji, watangazaji wa redio na wanaosimamia mitandao. Mhusika apewe upatanisho wa viumbe hai hata kama ni chupa au kijiko: Ndamiko *anapenda*, Ndamiko *wetu*, wala si *inapenda* na *yetu*. Jina lisiongezewe kiambishi cha udogo wala ukubwa, kwa kuwa *kidamiko* na *jidamiko* ni majina mengine, na *ki-* katika mhusika wa watoto huweza kusikika kama dharau. Lisiwekwe katika wingi. Wakiwa watatu jukwaani, ni *akina Ndamiko*. Likiwa halienei mstarini, lishushwe lote kwenye mstari unaofuata, maana mchapaji akilikata kwa kistari baada ya *Nda-*, mstari wa pili utaanza na *miko*.